Cheti kina muhuri na QR: nimuulize nani, na jibu lake nilisomeje?

*"Nina biashara ndogo ya kufunga mifumo ya umeme, tuko wanne tu. Nataka kuajiri fundi mmoja. Mwombaji ninayempenda ameleta nakala ya cheti cha ufundi umeme chenye muhuri, namba na alama ya QR. Nimeiskani, ikafungua ukurasa wenye jina lake na neno 'Imethibitishwa'. Rafiki yangu anasema hiyo haitoshi, lazima niwaulize waliotoa cheti. Niwaulize akina nani hasa, kwa njia gani, na wakinijibu nitajuaje jibu linamaanisha nini? Sina ofisa utumishi, kazi zote hizi nafanya mwenyewe."*

Ndugu yangu, rafiki yako yuko sahihi. Ukurasa uliouona umefunguliwa na karatasi ile ile unayotaka kuihakiki, na aliyechapa karatasi ndiye aliyechagua QR ikupeleke wapi. Cheti kikiwa halali, QR itakupeleka kwa mtoaji. Kikiwa cha kughushi, inaweza kukupeleka kwenye ukurasa uliotengenezwa na mghushi, nao utaandika "Imethibitishwa" kwa rangi ile ile ya kijani. Kwa kuutazama tu ukurasa huwezi kujua umefika kwa nani. Kwa hiyo shika sharti moja tangu mwanzo: njia ya kumfikia mtoaji uitafute mwenyewe. Isitoke kwenye cheti, isitoke kwenye wasifu wa mwombaji, wala asikupe yeye kwa mdomo.

Nilifanya kazi kwenye dawati la kumbukumbu la bodi ya mitihani, nikijibu barua za waajiri kama wewe. Nilichokiona pale ni kwamba waajiri wengi wenye nia njema hukwama mahali pawili: humuuliza mtu asiyehusika, au hupata jibu sahihi wakalisoma vibaya. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Nani hasa ametoa cheti hicho

Cheti cha ufundi mara nyingi kinagusa taasisi tatu. Kuna chuo alikosomea. Kuna bodi iliyotunga mtihani, ikausahihisha na kutunuku cheti. Na kuna mamlaka inayompa fundi leseni ya kufanya kazi kwenye majengo ya watu. Vyuo vikuu vingi hufundisha, hutahini na kutunuku vyenyewe, lakini kwenye ufundi, uhasibu na fani nyingine za kitaaluma kazi hizo mara nyingi zimegawanywa.

Kosa la kawaida linaanzia hapa. Mwajiri anaona jina la chuo juu ya cheti, anapiga simu chuoni, anaambiwa "ndiyo, alisoma hapa", kisha anafunga faili. Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu na lisimsaidie chochote. Chuo kinajua nani alijiandikisha na nani alihudhuria. Bodi ndiyo inayojua nani alifaulu, kwa hatua gani na mwaka gani. Mtu anaweza kumaliza masomo yote, akafeli mtihani wa mwisho, na chuo kikaendelea kusema kwa haki kabisa kwamba ni mwanafunzi wake wa zamani.

Ili umjue mwenye daftari unalolihitaji, tazama sehemu ya chini ya cheti penye sahihi. Je, aliyetia sahihi ni mkuu wa chuo, au ni katibu wa bodi au msajili wa mitihani? Kama ni wa bodi, barua yako iende bodi, hata kama jina la chuo limechapwa kwa herufi kubwa kuliko yote. Soma pia cheti kinadai nini hasa. Kuna vyeti vinavyosema mhusika amehudhuria mafunzo, na vingine vinasema amefaulu mtihani wa hatua fulani. Cha kuhudhuria kinaweza kuwa halali kabisa, na bado kisiseme lolote kuhusu uwezo wake wa kufunga bodi ya fyuzi bila kuunguza nyumba.

Ukishalijua jina la bodi, usiliandike kwenye injini ya kutafutia ukabonyeza tokeo la kwanza. Panda ngazi moja juu. Karibu kila nchi ina chombo cha umma kinachosajili vyuo na bodi za mitihani: wizara ya elimu, baraza la elimu ya ufundi, au tume ya vyuo vikuu. Ingia kwenye orodha ya chombo hicho, uone kama bodi yako imo, na uchukue humo tovuti yake, simu yake na anwani yake. Kama mwombaji mwingine atakuletea shahada, ipo pia hifadhidata ya kimataifa kwenye `whed.net`, inayoendeshwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu kwa ushirikiano na UNESCO. Ina taasisi za elimu ya juu zaidi ya 20,000 zinazotambuliwa na mamlaka za nchi zao. Haisemi nani alihitimu, ila inasema kama chuo chenyewe kinatambuliwa. Kwa vyeti vya ufundi haitakusaidia, kwa kuwa vyuo vya aina hiyo kwa kawaida havimo.

Huenda ukaona kupanda ngazi hiyo ni kujichosha bure. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua biashara ya Axact, kampuni ya Karachi iliyokuwa na mamia ya tovuti za shule na vyuo visivyokuwepo, ikiuza diploma na shahada duniani kote. Tovuti hizo zilikuwa na picha za walimu wanaotabasamu, namba za simu, na hata vyombo vya ithibati vya kubuni vilivyodai kuvikagua vyuo hivyo. Ukipiga namba iliyochapwa kwenye cheti cha aina hiyo, unazungumza na aliyekiuza. Na ukiuliza nani anakitambua chuo, unaelekezwa kwenye chombo cha ithibati alichokibuni yeye huyo huyo. Ndiyo maana safari yako lazima ifike kwenye chombo kilichoundwa kwa sheria.

QR haitupwi, ila inasomwa kwa namna nyingine

Iskani tena ile alama, lakini mara hii usisome ukurasa, soma anwani yake. Tuseme orodha ya chombo cha umma inaonyesha kwamba tovuti ya bodi ni `bodimitihani.example`, na QR inafungua hii:

```
https://bodimitihani.example.hakiki-vyeti.example/c/20418
```

Jicho linaona jina la bodi mwanzoni, linaridhika. Lakini mwenye ukurasa hajulikani kwa kusoma kutoka kushoto. Tafuta mkwaju `/` wa kwanza baada ya `https://` na jina refu linalofuata, simama hapo, kisha rudi nyuma sehemu mbili zinazotenganishwa na nukta. Hapo unakuta `hakiki-vyeti.example`. Hicho ndicho kikoa, na aliyekisajili ndiye mwenye nyumba. Kila kilichoko kushoto kwake ni maneno ambayo mwenye kikoa anaweza kuyaandika apendavyo, pamoja na jina la bodi yoyote duniani. Kwenye anwani zenye mkia wa sehemu mbili, kama `.ac.uk` au `.co.uk`, rudi nyuma sehemu moja zaidi kabla ya kusimama.

Kikoa kuwa tofauti na cha bodi hakutoshi kumtia mtu hatiani. Taasisi nyingi hutumia huduma za nje kutunza vyeti vyao vya kidijitali. Kwenye fani ya kompyuta, kwa mfano, watoaji wengi hutoa beji zao kupitia Credly. Shaka hiyo unaimaliza kwa kwenda kwenye tovuti ya bodi uliyoitafuta mwenyewe, ukaona kama ina sehemu ya kuhakiki vyeti na inakupeleka wapi. Kama inakupeleka kwenye huduma ile ile ya QR, ingia kupitia mlango huo wa bodi na uchape namba ya cheti kwa mkono. Kama bodi haijawahi kuitaja huduma hiyo, uliza. Unaweza pia kuandika kikoa hicho kwenye `lookup.icann.org` uone kilisajiliwa lini, ingawa kwa baadhi ya vikoa vya nchi itabidi uangalie kwenye sajili ya nchi husika. Kikoa chenye umri wa miezi mitatu, kinachothibitisha vyeti vya bodi ya miaka mingi, kinahitaji maelezo.

Mlango wa kidijitali wa bodi ukikupa jina, hatua, mwaka na namba, na vyote vikalingana na cheti halisi ulichokishika mkononi, kwa vyeti vingi umemaliza. Uchapishe ukurasa huo ukiwa na tarehe na uuweke kwenye faili. Tatizo ni kwamba milango mingi ya aina hii inaonyesha vyeti vya miaka ya karibuni tu, au inakuambia namba ipo bila kusema ni ya nani na ya hatua gani. Ikiwa hivyo, unahitaji barua.

Barua, na kile usichokiandika ndani yake

Kabla ya kuandika, mwombe mwombaji vitu viwili. Cha kwanza ni kuona cheti halisi. Kitazame, nakili namba yake mwenyewe, fananisha na nakala aliyokutumia, kisha mrudishie pale pale. Hakuna sababu ya kukaa na cheti halisi cha mtu. Cha pili ni ridhaa yake ya maandishi. Matokeo ya mtihani ni taarifa binafsi za mtu, na sheria za kulinda taarifa za namna hiyo zipo sasa katika nchi nyingi, kwa hiyo bodi nyingi hazifungui daftari bila sahihi ya mhusika. Ridhaa itaje jina la biashara yako, cheti kinachohusika, na kwamba bodi inaruhusiwa kukujibu moja kwa moja.

Fanya hivi baada ya usaili, kwa mtu unayekusudia kumchukua, na kama una wawili wa mwisho, wafanyie wote wawili sawasawa. Kuhakiki mmoja kwa sababu lafudhi yake au jina lake limekutia shaka, ukamwacha mwenzake, ni kuwaonea watu, na pia ni njia nzuri ya kupitwa na mghushi mwenye sura ya kuaminika. Kama kazi haiwezi kusubiri, barua ya ajira iseme wazi kwamba ajira inategemea uthibitisho wa cheti kutoka kwa mtoaji, na hadi hapo fundi afanye kazi chini ya uangalizi wa mwenye leseni.

Barua yenyewe haina haja ya urefu:

> Kwa Msajili wa Mitihani,
>
> YAH: UHAKIKI WA CHETI NAMBA 20418
>
> Mtajwa katika ridhaa iliyoambatanishwa ameomba kazi kwetu na ametoa cheti chenye namba hiyo hapo juu. Jina lake kama lilivyo kwenye cheti, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya mtahiniwa vimo kwenye ridhaa hiyo.
>
> Tunaomba mtuandikie, kwa mujibu wa kumbukumbu zenu: jina lililosajiliwa kwa namba hiyo, fani na hatua iliyotunukiwa, mwezi na mwaka wa mtihani, na kama cheti kimewahi kufutwa au kutolewa upya.
>
> Tafadhali jibuni kwa anwani iliyo juu ya barua hii, mkitaja kumbukumbu namba yetu.

Zingatia kisichoandikwa humo. Barua haitaji fani, haitaji hatua, haitaji mwaka. Waajiri wengi huandika kinyume chake: "Tunaomba mthibitishe kwamba fulani alitunukiwa hatua ya pili ya ufundi umeme mwaka 2018." Kwenye dawati lenye rundo la barua, karani anatafuta namba, anaikuta, anaona jina linafanana, anagonga muhuri wa "sahihi" na kuendelea na barua inayofuata. Hana nia mbaya. Umempa sentensi ya kuitikia, naye ameitikia. Ukimwachia nafasi tupu, hana namna ya kuzijaza isipokuwa kufungua daftari na kusoma mstari wenyewe.

Bodi nyingine hukulazimisha kujaza fomu yao, au kuambatanisha nakala ya cheti. Tii utaratibu wao, lakini ongeza maswali yale yale chini ya fomu. Zikiwepo ada, lipa kwenye akaunti ya taasisi kama ilivyotajwa kwenye tovuti yao, na ukatae kabisa kulipa kwenye simu ya mtu binafsi anayejiita ofisa wa uhakiki. Kuhusu muda, kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta hujibiwa mapema, ila za zamani zilizo kwenye madaftari zinaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo anza kabla hujabanwa na kazi.

Jibu likifika, angalia kwanza limefikaje. Liwe limetoka kwa bodi kuja kwako, bila kupitia mikononi mwa mwombaji, hata akikuletea bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Kama ni barua pepe, soma anwani ya mtumaji kwa namna uliyosoma ile ya QR. Taasisi nyingine ndogo za halali bado hutumia anwani za bure. Hapo piga namba uliyoichukua kwenye orodha ya chombo cha umma, taja kumbukumbu namba ya barua yako, na muulize anayepokea kama jibu hilo limetoka kwao. Simu hiyo ni ya dakika chache, na mghushi hana namna ya kuijibu yeye.

Kulisoma jibu

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tuchukue mfano unaofanana na wako. Cheti alichokuonyesha mwombaji kinasema: namba 20418, ufundi umeme, hatua ya pili, Novemba 2018, na kina majina matatu. Jibu la bodi linasema: namba 20418 ipo, imesajiliwa kwa majina mawili kati ya hayo matatu na kwa mpangilio tofauti, ufundi umeme, hatua ya kwanza, Novemba 2016.

Kuna tofauti tatu, na hazina uzito sawa.

Ya majina ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Watu hubadili majina kwa ndoa, kwa dini, au kwa kuongeza jina la babu walipochukua kitambulisho. Makarani nao hukosea herufi na kupindua mpangilio. Kinachoamua hapa ni tarehe ya kuzaliwa na namba ya mtahiniwa. Zikilingana, mwombe hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, uiambatanishe na jibu, na suala hilo limekwisha. Zisipolingana, na jina tu likafanana, huenda umeshika cheti cha mtu mwingine mwenye jina kama lake, na huo ni mtego wa kweli: namba halali, bodi halali, mwenye cheti ni mwingine.

Ya mwaka inaweza kuwa na maelezo, kwani bodi nyingine huandika tarehe ya mtihani na nyingine tarehe ya kutoa cheti. Tofauti ya miezi ni jambo la kawaida. Miaka miwili ni mingi, lakini peke yake isingenitosha.

Ya hatua ndiyo nzito. Hata hivyo usikimbilie kumfukuza mtu, kwa kuwa upo uwezekano wa haki: pengine alifanya mtihani wa hatua ya kwanza mwaka 2016 na wa pili mwaka 2018, akapewa vyeti viwili vyenye namba tofauti, na karani ameishia kwenye mstari wa kwanza. Rudisha swali moja kwa bodi: je, kuna tuzo nyingine yoyote kwa mtahiniwa mwenye namba hii na tarehe hii ya kuzaliwa? Wakati unasubiri, mwonyeshe mwombaji jibu la kwanza na umpe nafasi aeleze. Mkweli kwa kawaida anajua njia ya kujisaidia. Atakuletea hati ya matokeo ya mtihani wa pili, au atakwenda bodi mwenyewe kuomba wakuandikie.

Jibu la pili likisema hakuna tuzo nyingine, basi picha imekamilika. Hiki ni cheti halali cha hatua ya kwanza kilichofutwa maneno mawili na kuandikwa mengine. Ughushi wa aina hii ndio unaowapita waajiri kuliko cheti kilichobuniwa chote, kwa sababu karatasi ni ya kweli, muhuri ni wa kweli, mhusika ni wa kweli na namba ipo. Ungepiga simu ukauliza tu "namba 20418 ni yenu?", ungejibiwa ndiyo. Ungekubali barua ya "sahihi", ungeipata.

Huenda kazi yako ingeweza kufanywa na mtu wa hatua ya kwanza, na ukashawishika kumchukua kwa sababu mikono yake ni mizuri. Mimi nisingemchukua. Fundi umeme hupima ukinzani wa nyaya na kuandika vipimo kwenye fomu ya ukaguzi, na wewe unaiamini fomu hiyo bila kurudia kupima. Mtu aliyebadili maandishi ya cheti chake amekwisha kukuonyesha atakavyofanya siku kipimo kitakapokataa na mteja akiwa na haraka.

Yapo pia majibu matatu yanayochanganywa sana. "Hatuna kumbukumbu ya mtu huyu" ni jibu zito, lakini uliza wametafuta wapi: kama cheti ni cha zamani, huenda wameangalia kompyuta tu na madaftari yako kwenye ghala. "Hatuwezi kuthibitisha" halisemi kwamba cheti ni feki. Mara nyingi lina maana kwamba ridhaa ina kasoro au taarifa ulizotoa hazitoshi kumtofautisha na wengine. Na ukimya si jibu. Usiuchukulie kuwa ni kukubaliwa wala kukataliwa. Piga simu, na ikishindikana mwombe mwombaji aombe yeye mwenyewe bodi itume uthibitisho kwako, kwa kuwa taasisi nyingi humhudumia mwenye cheti haraka kuliko mgeni.

Kama chuo au bodi imefungwa, kumbukumbu zake kwa kawaida hukabidhiwa wizara, au taasisi iliyorithi kazi zake. Chombo cha usajili kitakuelekeza ziliko. Kama cheti kimetoka nchi nyingine, utaratibu ni ule ule: anza na chombo cha usajili cha nchi hiyo. Usitulizwe na muhuri wa apostili ulio nyuma ya cheti, yaani uthibitisho wa serikali kwa hati zinazotumika nje ya nchi. Chini ya Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, apostili inathibitisha sahihi, wadhifa wa aliyesaini na muhuri uliopo kwenye hati. Haithibitishi yaliyoandikwa ndani. Na mara nyingi apostili hubandikwa juu ya sahihi ya wakili aliyegonga muhuri wa "nakala halisi", kwa hiyo kilichothibitishwa ni sahihi ya wakili, si cheti.

Leseni ni swali jingine

Cheti kikishathibitishwa, umejua kwamba mtu huyu alifaulu mtihani wakati fulani uliopita. Hujajua kama anaruhusiwa kufanya kazi hiyo leo. Pale ambapo kazi ya umeme inahitaji leseni, mamlaka inayotoa leseni huwa na rejista yake, na nyingi ziko wazi kwa umma kwa kutafuta jina au namba ya leseni. Tazama mambo matatu humo: kama leseni ni hai au imesimamishwa, inaisha lini, na ni ya daraja gani la kazi. Daraja linasahaulika sana. Fundi mwenye ruhusa ya nyaya za nyumba za kuishi anaweza asiwe na ruhusa ya kugusa mitambo ya fezi tatu, na kama biashara yako inafanya kazi viwandani, leseni yake hai haikusaidii.

Kwenye faili la huyo utakayemwajiri weka ridhaa, nakala ya barua yako, jibu la bodi pamoja na bahasha au barua pepe iliyolileta, na mstari mmoja wa tarehe uliyopiga simu, namba uliyopiga na wadhifa wa aliyepokea. Nakala za vyeti vya waombaji ambao hukuwachukua ziharibu mara muda wa kuzitunza unaotakiwa na sheria unapokwisha. Na tarehe ya kuisha kwa leseni iandike kwenye kalenda yako ya kazi mwezi mmoja kabla, uingie tena kwenye rejista siku hiyo na kuitazama upya.